Paliondokea Kontena Moja

Hii ni hotuba niliyoitoa Mombasa mbele ya makarani na maafisa wa ofisi za klaringi. Nimeiandika upya kutokana na karatasi zangu, na vicheko nimeviacha vilipotokea.

Ndugu mwenyekiti, wenzangu, habari za asubuhi.

Mwenyekiti amenitambulisha kuwa ni mwalimu. Anikopeshe heshima hiyo kwa leo tu, maana mimi ni mhariri. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuzisoma barua za wenzangu kabla hazijatumwa ng'ambo, zamani kwa kalamu nyekundu, siku hizi kwenye skrini. Kosa ninalolisahihisha kuliko mengine yote si tahajia wala nyakati za vitenzi. Ni vile vijineno vitatu vya Kiingereza, “a”, “an” na “the”. Ama havipo, ama vimekaa mahali pasipo pao.

Sababu mnaijua, nanyi mmeshaisema hapo nje wakati wa chai: Kiswahili hakina vijineno hivyo. Kitabu ni kitabu. Ukisema “nipe kitabu”, hakuna kitu mbele yake. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli, na leo nimekuja na ile nusu ya pili. Paukwa!

(Ukumbi: Pakawa!)

Paliondokea sultani mmoja. Sultani yule alikuwa na binti. Basi, hadithi yangu imeishia hapo, msisubiri binti aolewe. Nataka tulitazame neno “mmoja”. Kuna aliyedhani nimehesabu masultani? Hakuna. “Mmoja” pale ni kumwambia msikilizaji: huyu bado humjui, ndiyo kwanza namleta. Kisha nikasema “yule”. Nilimwonyesha mtu kwa kidole? Humu ukumbini hamna sultani. “Yule” ilikuwa na maana ya kwamba ni huyohuyo niliyekwisha kumleta. Bibi zetu waliokuwa wakitusimulia hadithi hawakukosea hapo hata siku moja. Hakuna bibi aliyeanza kwa kusema “paliondokea sultani yule”. Mtoto angemkatiza: yupi, bibi?

Sasa sikilizeni vijineno vya Kiingereza vilikotoka. “An” lilikuwa neno lao la kale la kuhesabia, yaani moja. Likachakaa kwa kutumika, na mbele ya konsonanti likadondosha “n”, ikabaki “a”. “The” limetokana na neno la kuonyeshea, la ukoo mmoja na “that”. Kwa hiyo “a” ni “mmoja” wetu na “the” ni “yule” wetu. Waingereza hawana fikra ambayo sisi hatuna. Tofauti ni kwamba kwao limekuwa sharti kila mara, na kwetu ni hiari, linatumika penye haja.

Pwani hapa tuna ushahidi mwingine wa jinsi masikio yetu yanavyovichukulia vijineno vya namna hii. Waarabu wana “al” yao, inayofanya kazi karibu na ya “the”. Sisi tulipochukua maneno yao, mengine tulimeza pamoja na “al” na hatukuitafuna: alfajiri, alasiri, Alhamisi. Leo mtu anasema “alasiri moja nilipokuwa nikipita Forodhani” na hakuna anayehisi kwamba amekwisha kutamka “al” humo ndani. Masikio yetu yanaiona ni sehemu ya neno. Msishangae basi karani akiandika “the” mbele ya jina la mji, au akiiacha mahali inapodaiwa. Kwake ni kama mlio tu.

Lakini kuna mahali ambapo Kiswahili kina ukali kuliko Kiingereza, na hapo ndipo tutakapopatumia. Ni ndani ya kitenzi. Nikikwambia “nimesoma barua”, umeelewa nilikuwa nasoma barua, yoyote ile. Nikikwambia “nimeisoma barua”, hapo hapo unajua ni barua ile tunayoijua sote wawili, labda uliyonitumia jana. Silabi moja, “i”, kiambishi cha mtendwa, imefanya kazi yote. “Nimeona mkataba” na “nimeuona mkataba” si kauli moja. Ya kwanza Mwingereza angeiandika “I have seen a contract”, na ya pili “I have seen the contract”.

Kwa hiyo ukikwama, usiitazame sentensi ya Kiingereza. Isemee moyoni kwa Kiswahili, kama unavyomwambia mwenzako wa meza ya pili, halafu sikiliza kitenzi. Kimejitia kiambishi cha mtendwa chenyewe? Andika “the”. Hakikujitia? Huenda ni “a”. Nasema huenda kwa sababu kipimo hiki kina mipaka yake. Hakifanyi kazi kwa watu, kwa kuwa kwa watu kiambishi tunakitia kwa vyovyote: “nimemwona mteja” inaweza kuwa mteja tunayemjua au mteja yeyote. Wala hakifanyi kazi kwa mtenda, yaani neno linaloanza sentensi. Hapo jaribu “kuna”. Ukiona ungesema “kuna mteja amekuja”, ni “a customer”. Ukisema “mteja amekuja” bila “kuna”, na mwenzako asishtuke, ni “the customer”.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Ukishajua kwamba “the” ni “yule”, lazima uulize: yule kwa nani? Jibu ni msomaji. Wewe mwandishi unakijua kila kitu, kwa kuwa kontena liko mbele yako, makaratasi yako mezani, na afisa wa forodha amekusimamia. Lakini unayemwandikia yuko Muscat au Rotterdam, na hajui lolote ila ulichomwambia. “The” ni ahadi unayompa msomaji kwamba akisoma neno hili atajua ni kipi. Ukiandika “the” naye akauliza “kipi?”, umevunja ahadi. Usipoandika kitu, umemwachia abahatishe.

Nina barua pepe moja hapa. Iliandikwa na kijana mmoja mzuri wa kazi, wala simtaji, na aliyekuwa akiandikiwa ni mteja aliyepakia mzigo ng'ambo. Nimefuta majina yote.

```
Container arrived at port on Tuesday.
Customs officer found the problem in document.
Kindly send letter of explanation and original invoice.
We have few questions about weight.
```

Mistari minne. Tahajia yote ni sahihi, na kikagua tahajia cha kompyuta hakikupiga mstari mwekundu hata mmoja. Tuipitie.

“Container.” Kiingereza kina sheria moja ambayo, mkisahau mengine yote, hii mwende nayo: kitu kinachohesabika, kikiwa kimoja, hakitembei uchi. Lazima kivae kitu mbele: “a”, “the”, “my”, “this”, “one”, chochote. “Container” peke yake mwanzoni mwa sentensi imetoka nje bila nguo. Avae nini? Mteja alipakia kontena moja, analisubiri, analijua. Ni “the container”. Angekuwa amepakia matatu, “the” ingemchanganya, na karani angelazimika kusema “one of the containers”, au bora zaidi kutaja namba yake. “Port” nayo ni “the port”. Hatukuitaja kabla, lakini mteja anajua mzigo wake ulikuwa unakwenda bandari ipi. Kitu kinaweza kujulikana bila kutajwa.

“Customs officer.” Mteja hamjui afisa huyu wala hahitaji kumjua. Ni sultani anayeingia hadithini kwa mara ya kwanza: “A customs officer”. Hapa kosa si kubwa, angeelewa.

“The problem.” Hapa ndipo moto ulipowaka. Karani alikuwa na “the” moja tu katika barua nzima, naye akaiweka mahali pasipotakiwa. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia tatizo alikuwa akilijua, kwa kuwa amehangaika nalo tangu asubuhi. Ni kweli alilijua yeye. Mteja aliposoma “the problem” alielewa kwamba kuna tatizo alilokwisha kuambiwa. Akaanza kufukua barua za nyuma. Akamuuliza mwenzake, naye hakuwa na habari. Kesho yake likaja jibu la maneno mawili: “Which problem?” Siku imekwisha, na kontena linahesabu siku zake bandarini. Angesema kwa Kiswahili, “afisa wa forodha ameona tatizo kwenye makaratasi”, kitenzi kisingejitia “li”. Asingesema “ameliona tatizo”. Kiswahili chake kilikuwa kinajua, ila hakukiuliza.

“In document.” Hapa nilimwita kijana, nikamwambia tuandike “the” au “a”? Akanyamaza. Nikamuuliza hati gani yenye tatizo. Akasema orodha ya mizigo, uzito wake haulingani na ule wa ankara. Basi mbona hukusema? Mara nyingi kijineno kinapokosekana, kilichokosekana hasa ni uamuzi. Mwandishi hajakata shauri anazungumzia kitu gani, na neno lililo uchi linamsaidia kujificha. Ukilazimika kuchagua kati ya “a” na “the”, unalazimika pia kujua unachosema. Tuliandika “the packing list” na mambo yakaisha.

“Letter of explanation.” Barua hii bado haijaandikwa, mteja ndiye atakayeiandika. Kitu ambacho hakijazaliwa hakiwezi kuwa “yule”. Ni “a letter”. Lakini “original invoice” ipo, iko kwenye faili lake, na ni moja tu. Hiyo ni “the original invoice”. Angalieni, vitu viwili katika sentensi moja, vimefungwa kwa “and”, na kila kimoja kina kijineno chake. Watu wengi huweka “a” mbele ya cha kwanza wakadhani imefunika vyote viwili.

Tufike kwenye “few questions”, ninaoupenda kuliko mistari yote. Kiswahili tunasema “maswali machache” basi. Kiingereza kina mawili. “We have a few questions” maana yake tunayo maswali kadhaa, tafadhali yajibu. “We have few questions” maana yake maswali yetu ni haba, karibu hatuna. Herufi moja imegeuza jambo zima. Baadaye mteja aliandika kwamba amefurahi kusikia hivyo. (Kicheko.) Msimcheke, alisoma kilichoandikwa. Ni hivyohivyo kwa “little”: ukiandika “we have little time” umelalamika kwamba muda hautoshi, na ukiandika “we have a little time” umemtuliza kwamba upo upo. Makosa mengine yote niliyotaja, msomaji mwenye subira atayasamehe na kukisia. Hili hawezi kulikisia, maana sentensi zote mbili ni Kiingereza safi. Hata mashine ya kukagua sarufi haina sababu ya kuipigia mstari.

Basi barua yetu ikawa hivi:

```
The container arrived at the port on Tuesday.
A customs officer found a problem in the packing list.
Kindly send a letter of explanation and the original invoice.
We have a few questions about the weight.
```

Kuna dada pale nyuma ameinua mkono, anauliza kuhusu kichwa cha barua pepe, pale mahali pa mada. Swali zuri. Pale unaruhusiwa kuvua. “Invoice attached”, “Meeting postponed”, wenyewe Waingereza huandika hivyo, kama vichwa vya magazeti. Nadhani hapo ndipo ugonjwa unapoanzia kwa wengi wetu: tunaona vichwa vya mada kila siku, tunazoea, kisha tunaandika barua nzima kwa mtindo wa kichwa cha habari. Mada ivueni, mwili uvisheni. Na kwa kuwa tumegusa kiambatisho: “Please find attached invoice” haijakaa sawa. Sema “Please find attached the invoice”, au “Please find the attached invoice”. Kijineno kinaweza kukaa mbele ya “attached” au nyuma yake, lakini kikae.

Nipite haraka kwenye jambo la mahali, kwa sababu halina kanuni ya kuaminika na sitaki kuwadanganya. Kiswahili kina “ni” moja inayotosha pote: kazini, kanisani, shuleni, ingawa benki huwa tunasema “benki” tu. Kiingereza kinabagua. “At work”, “at church”, “at school”, zote bila kitu. Kisha “at the bank”, “at the market”, “at the office”. Hizo ni za kukariri. Ila moja iandikeni kwenye kiganja, kwa kuwa inaandikwa kila siku katika ofisi zetu: “I will be in office tomorrow.” “In office” kwa Kiingereza ni kuwa madarakani. Umemwambia mteja kesho unaapishwa. (Kicheko kirefu.) Ni “in the office”. Mtasema mbona ule ujumbe unaojituma wenyewe mtu akiwa likizo huandikwa “Out of office”? Ule ni mtindo wa kichwa, umevuliwa kama mada.

Kuna maneno ambayo hayapokei “a” kabisa, kwa kuwa Waingereza wameamua hayahesabiki. “Advice” ni mojawapo. Hapa Kiswahili kinasaidia kidogo: ushauri hauna wingi wa kawaida, hatusemi shauri mbili tukimaanisha ushauri, na “an advice” nayo haipo. “Uzoefu” wa kazi vilevile ni “experience” bila kitu. Lakini msiitegemee sana ngeli hiyo ya “u”, maana ufunguo una funguo na unahesabika pande zote mbili. Na maneno mengine yanatutupa kabisa. Kwetu kifaa kina vifaa, lakini “equipment” haina wingi wala “a”. Kwetu taarifa tatu ni taarifa tatu, lakini “an information” na “informations” zote ni makosa. Ukitaka moja, sema “a piece of information”.

Majina ya taasisi: tazameni kama kuna “of” ndani. Mkiiona, mara nyingi “the” iko mbele. Ni “the University of Nairobi”, lakini “Kenyatta University” inakwenda peke yake. Ni “the Bank of Tanzania”, na “Tanzania” haina kitu, lakini “the United Republic of Tanzania” inayo. Barua zetu hufanya kinyume chake: “the Tanzania” inavishwa, na “Ministry of Finance” inaachwa uchi.

Nimebakiza “an”, nayo ni ya dakika moja. Inafuata sauti, haifuati herufi. Nyinyi mnaandika vifupisho kutwa nzima, kwa hiyo vitamkeni kwanza. LPO inaanza na sauti ya “e”, el-pi-o, basi ni “an LPO”. MOU ni em-o-yu, “an MOU”. NGO, en-ji-o, “an NGO”. Lakini “university” inaanza na sauti ya “y”, na UN pia, kwa hiyo ni “a university” na “a UN office”. “Hour” haitamki “h” yake, ni “an hour”.

Ndugu mwenyekiti ananionyesha saa. Kwenye kila meza kuna karatasi yenye barua pepe tano, nazo zote zilitumwa kweli. Msianze kwa kuandika “a” na “the”. Anzeni kwa kupigia mstari kila jina la kitu kimoja ambalo liko uchi, kisha mbele ya kila mstari andikeni kwa Kiswahili vile ambavyo mngemwambia jirani yenu. Muwe wawili wawili, mmoja awe mwandishi, mwingine awe mteja wa Rotterdam ambaye haruhusiwi kujua lolote, kazi yake ni kuuliza “kipi?” tu. Ya tatu niliiandika mimi mwenyewe nilipokuwa karani mpya. Ina makosa saba, nami nilihesabu jana usiku. Atakayepata la nane aje aniambie.